Nani Anabaki Krismasi? Hesabu Iliyo Nyuma ya Rosta ya Sikukuu

Novemba ikiingia, kwenye maabara za hospitali jijini Dar es Salaam watu huanza kuulizana kama rosta ya Krismasi imetoka. Wenye kwao Moshi ndio wanaouliza zaidi. Tiketi za mabasi ya Kilimanjaro hugombewa wiki hiyo, na mtu aliyejulishwa ratiba yake tarehe 20 Desemba anaweza kufika Stendi ya Magufuli na begi lake akakuta viti vimekwisha zamani.

Ndiyo maana baruapepe ya inchaji, yaani mkuu wa kitengo, inayotangaza zamu za sikukuu husomwa neno kwa neno, hata na wale ambao mwaka mzima hawafungui baruapepe za kazini. Aliyenyimwa anatafuta jina lake kwanza. Akishaliona, anatafuta sababu, na hapo ndipo baruapepe nyingi zinapokwama, kwa kuwa zimeambatanisha jedwali tu na maneno "kama mnavyoona".

Tuchukue maabara ya mfano yenye wataalamu wanane, mbali na inchaji wao. Inafanya kazi saa 24. Siku ya sikukuu wanatakiwa wawili asubuhi, kuanzia saa 1 hadi saa 8 mchana. Mmoja jioni hadi saa 4 usiku. Na mmoja usiku hadi saa 1 asubuhi. Hao ni wanne. Lakini yupo wa tano ambaye jedwali halimwonyeshi: aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo, ambaye anatakiwa awe kitandani. Kwa hiyo wanaoweza kusafiri kwa wakati mmoja ni watatu, basi. Ikiwa watano wameomba Krismasi, wawili wameomba Mwaka Mpya na mmoja hakuomba kitu, hakuna namna ya kumfurahisha kila mtu, na inchaji anayejaribu kuahidi chemba huishia kuwaahidi wanne nafasi tatu.

Hesabu hiyo inafaa iandikwe mwanzoni kabisa mwa baruapepe, kabla ya jina la mtu yeyote. Mtu akishaona kwamba nafasi ni tatu na maombi ni matano, anajua kilichokuwa kikiamuliwa.

Kisha unakuja utaratibu wa kuchagua. Ofisi nyingi hufuata "aliyewahi ndiye apataye", na kwa juu juu unaonekana wa haki. Kwenye kazi ya zamu si wa haki hata kidogo. Tangazo likitoka Jumatatu asubuhi, walioko zamu ya asubuhi wanaandika majina yao papo hapo, na aliyekesha kazini anaamka alasiri akute nafasi zimejaa. Maabara yetu inapokea maombi mwezi mzima wa Oktoba, na ombi la tarehe 2 lina uzito sawa na la tarehe 30. Kinachotazamwa kwanza ni rosta za sikukuu za miaka miwili iliyopita.

Kati ya waombaji watano, wawili walishika zamu Krismasi iliyopita. Wanapata. Imebaki nafasi moja na watu watatu. Mmoja wao amekuwa nyumbani Krismasi mbili mfululizo, hivyo anasubiri. Wawili waliobaki wako sawa kwa kila kitu, na hapo inapigwa kura mbele ya wenzao. Aliyeshindwa anapewa Mwaka Mpya, na jina lake linaandikwa kwenye orodha ya mwakani akiwa wa kwanza. Ahadi ya mdomo haitoshi, maana mwakani inchaji anaweza kuwa mwingine.

Kipande cha baruapepe yenyewe kinaweza kusomeka hivi:

"Ndugu wenzangu, ratiba ya tarehe 24 Desemba hadi 2 Januari imeambatanishwa. Kwa Krismasi tuliweza kuwaachia watu watatu; maombi yalikuwa matano. Tulianza na walioshika zamu Krismasi iliyopita, na nafasi ya mwisho ikapigiwa kura. Wawili ambao hawakupata nimezungumza nao kabla ya kutuma ujumbe huu. Anayetaka kubadilishana zamu aniandikie kabla ya tarehe 10 Desemba, pamoja na jina la aliyekubali."

Sentensi ya kuzungumza nao kabla ni fupi, ila inabeba mengi. Hakuna anayependa kujua kwamba hasafiri kwa kusoma ujumbe uliotumwa kwa watu wanane kwa mpigo. Angalia pia kisichokuwemo: sababu za watu. Mmoja aliomba kwa kuwa mama yake anatibiwa, mwingine ana mambo ya ndoa yake. Habari hizo ni za inchaji na mhusika. Zikiwekwa kwenye baruapepe ya wote ili kuhalalisha uamuzi, habari za ugonjwa wa mzazi zinakuwa mazungumzo ya kantini.

Kuna mazoea mengine ambayo hayaandikwi popote: Waislamu washike Krismasi, Wakristo washike Idd. Mara nyingi watu wenyewe hukubaliana hivyo kwa moyo mweupe, na hakuna ubaya. Tatizo huanza inchaji anapompanga mtu kwa kutazama jina lake. Desemba shule zimefungwa, na Mwislamu mwenye watoto huenda naye anataka kuwapeleka Tanga kwa bibi yao. Tena, Idd hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka na hungoja mwezi kuandama, hivyo anayeahidiwa "utapumzika Idd" anastahili kuahidiwa kwa maandishi siku zote mbili zinazowezekana.

Kabla ya kutuma, jedwali linapitiwa kwa jicho la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kosa linalojirudia Desemba ni kumpanga mtu jioni ya tarehe 24 na asubuhi ya tarehe 25. Kwenye karatasi ni siku mbili tofauti. Kwa saa, anatoka saa 4 usiku na kurudi saa 1 asubuhi: saa tisa tu, kabla ya kutoa muda wa daladala.

Sheria hiyohiyo inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Baruapepe iseme wazi jinsi zamu ya usiku wa tarehe 24 itakavyohesabiwa, kwa kuwa saa zake saba zinaangukia baada ya usiku wa manane. Hilo lisipoelezwa Desemba, litaulizwa Januari mishahara ikitoka.

Neno "likizo" nalo litumike kwa uangalifu. Sheria inatoa siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia ndani yake huhesabiwa humohumo. Aliyeandikiwa likizo kuanzia tarehe 22 Desemba hadi 2 Januari anaweza kukatwa siku 12, Krismasi ikiwemo, ingawa baadhi ya waajiri ni wakarimu zaidi. Aliyepewa ofu kwenye rosta hakatwi kitu. Baruapepe inayosema tu kwamba fulani "atakuwa nje" inaacha wazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Limebaki swali la mtu wa akiba. Watatu wakiwa safarini, watano waliobaki wote wana kazi au wanapumzika kutoka usiku, na mmoja akiamka na malaria asubuhi ya tarehe 25 hakuna wa kumwita. Kuongeza mtu kungempokonya mmoja safari yake. Inchaji wa maabara yetu amemalizia ujumbe wake kwa mstari unaosema kwamba akiba wa tarehe 24, 25 na 26 ni yeye mwenyewe, na namba yake ya simu ikafuata.