Kutoka Daftari la Patholojia hadi Swali la Jibu Moja Bora

Katika madaftari mengi ya wanafunzi wa patholojia hupatikana sentensi fupi kama hii: “Tishu ikikosa damu hupata nekrosisi ya kuganda, isipokuwa ubongo.” Nekrosisi ni kufa kwa tishu ndani ya mwili ulio hai. Sentensi hiyo ni sahihi, na ina mgongano mdogo ndani yake: kanuni, kisha kiungo kinachoikiuka. Hapo ndipo mtunzi wa maswali huanzia, kwa sababu aliyekariri kanuni bila kuielewa atajikwaa papo hapo.

Jaribio la kwanza mara nyingi huwa hivi: “Kiungo kilichokosa damu hupata nekrosisi ya aina gani?” Swali hili lina kasoro. Halikutaja kiungo, hivyo anayefikiria moyo na anayefikiria ubongo watajibu tofauti, na wote wawili watakuwa sahihi. Dawa yake ni kumweka mgonjwa ndani ya swali, kwa maelezo yanayofunga kila mlango isipokuwa mmoja:

“Mwanamume wa miaka 64 mwenye shinikizo la damu alipooza ghafla upande wa kulia. Picha ya ubongo ilionyesha kuwa ateri moja ya upande wa kushoto imeziba, bila damu kuvuja. Alifariki siku ya 14. Ni nekrosisi ipi inayotarajiwa zaidi katika sehemu ya ubongo iliyokosa damu?

A. Ya fibrinoidi
B. Ya jibini
C. Ya kuganda
D. Ya kuyeyuka
E. Ya mafuta”

Siku ya 14 haikuwekwa kama pambo. Katika siku ya kwanza tishu ya ubongo iliyokufa bado haijayeyuka. Chini ya hadubini huonekana seli za neva zilizosinyaa na kuwa nyekundu. Laiti mgonjwa angefariki baada ya saa 20, mwanafunzi hodari angekuwa na haki ya kulipinga jibu. Vilevile, mtunzi amejizuia kuandika kwamba sehemu hiyo “imekuwa majimaji”, maana neno hilo lingemnong’oneza jibu hata asiyejua chochote.

Kipimo cha swali zuri ni rahisi. Machaguo yafunikwe kwa karatasi, kisha swali lisomwe. Msomaji aliyeelewa somo aweze kulitaja jibu bila kuyaona. Akishindwa, maelezo ya mgonjwa hayajatosha.

Machaguo manne yasiyo jibu huitwa vipotoshi. Kipotoshi kizuri si upuuzi, bali ni jibu sahihi la mgonjwa mwingine. Ndiyo maana maelezo yanayofuata swali hayaishii kusema “jibu ni D”, bali hukirudisha kila kipotoshi kwa mgonjwa wake:

“Jibu ni D. Ubongo una mafuta mengi na tishu chache za kuushikilia. Sehemu iliyokufa humeng’enywa na vimeng’enya, seli walaji huondoa mabaki, na mwishowe hubaki uwazi wenye majimaji. C lingekuwa jibu kama ateri ya moyo ndiyo iliyoziba: huko protini huganda, na umbo la seli hubaki kwa siku kadhaa. B humhusu mgonjwa wa kifua kikuu. E huonekana kongosho linapovimba ghafla na vimeng’enya vyake kuyashambulia mafuta yaliyo jirani. A hutokea katika kuta za mishipa ya damu, kwa mfano shinikizo la damu linapopanda mno.”

Baada ya mtihani, majibu ya wanafunzi humwambia mtunzi kama amefaulu. Wanaokosea wakilichagua C kwa wingi, swali limefanya kazi yake, kwa kuwa limewabaini waliokariri kanuni peke yake. Lakini wanafunzi bora wa darasa nao wakilikimbilia C, mtunzi na alisome upya swali lake kabla ya kuwalaumu. Na kipotoshi kinachochaguliwa na chini ya asilimia 5 ya watahiniwa huhesabiwa kuwa hakifanyi kazi. Hubadilishwa au huondolewa. Machaguo manne yenye uzito ni bora kuliko matano yenye moja la kujazia nafasi.

Maelezo hayo yana msomaji mwingine nje ya ukumbi wa mtihani. Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi huuliza kwa nini mkono uliopooza haurudi haraka kama kidonda kinavyopona. Aliyejifunza kwamba palipokufa hubaki uwazi, wala hapaoti ubongo mpya, anaweza kumjibu kwa ukweli: nafuu hutegemea sehemu zilizosalia kujifunza kazi upya. Anaweza pia kumweleza kwa nini dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa, kwa kawaida, ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze: hulenga tishu ambayo bado haijafa.