Kimpira Kinasema Tano

Ukiingia wodi ya watoto usiku utaisikia mashine ya oksijeni kabla hujaiona. Inaunguruma kwenye kona, na kila baada ya sekunde chache inatoa pumzi: pshii. Mbele yake kuna mrija wenye kimpira kidogo ndani. Kimpira kikisimama kwenye 5, lita tano zinatoka kila dakika.

Sista msimamizi wa wodi moja ya hospitali ya wilaya aliandika dokezo akiomba mashine hiyo ibadilishwe. Dokezo likarudi na maneno matatu pembeni: "Bado inafanya kazi." Waliolirudisha walikuwa wamepita wodini, wakasikia muungurumo, wakaona kimpira kiko juu. Hawakusema uongo. Ila kimpira hupima wingi wa hewa inayotoka, hakipimi usafi wake.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni naitrojeni. Mashine huivuta hewa ya wodini, huishindilia kwenye mitungi miwili midogo iliyojaa punje za zeolaiti, na punje hizo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Mtungi mmoja ukinasa, mwenzake anaitema naitrojeni nje. Ndiyo ile pshii. Mashine nzima hutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya 82. Zeolaiti ikishaingiwa na unyevunyevu, inanasa kidogo tu, na naitrojeni inapita hadi puani mwa mtoto. Kimpira hakitikisiki.

Kabla ya kuandika dokezo la pili, sista alimwita fundi wa vifaa tiba aje na kipima oksijeni. Ikitolewa lita moja kwa dakika, usafi ulikuwa asilimia 89. Kwa lita mbili ukawa 83, na kwa lita tano 61. Hewa ikipita polepole, zeolaiti iliyobaki bado inaimudu. Ikipita kwa kasi, inazidiwa.

Namba hizo zilifumbua jambo lililokuwa likiwasumbua wauguzi kwa miezi. Mashine ile imefungwa kigawanyio, watoto watano wanaweza kuitumia pamoja, kila mmoja na mrija wake. Mtoto wa nimonia analazwa mchana, oksijeni ya damu yake ikiwa 86. Chini ya 90 ndipo anawekewa oksijeni. Akiwa peke yake kwenye lita moja, anapanda vizuri. Usiku wanaongezwa wanne, nao kila mmoja lita moja. Sasa mashine inatoa tano, na wote watano, yule wa mchana akiwemo, wanavuta oksijeni ya asilimia 61. Anaanza kushuka, na kimpira chake kiko palepale kilipoachwa. Muuguzi atadhani ugonjwa umezidi.

Dokezo la pili liliweka vipimo hivyo mwanzoni kabisa, kisha likahamia kwenye fedha. Kuziba pengo, wodi ilikuwa ikitumia mitungi mikubwa ya oksijeni, wenye lita 7,000 hivi kila mmoja. Lita tano kwa dakika kwa saa 12 ni lita 3,600, yaani nusu mtungi kila siku, mitungi 15 kwa mwezi. Tuseme kujaza na kusafirisha mtungi mmoja ni shilingi 40,000: hizo ni 600,000 kwa mwezi. Kama mashine mpya inauzwa milioni tano, inajilipa ndani ya miezi tisa. Mhasibu lazima ataulizia umeme, na jibu ni jepesi: ile mbovu nayo inakula umeme uleule.

Swali gumu zaidi ni kwa nini isitengenezwe. Fundi aliandika kwamba amebadilisha vichujio, ameziba panapovuja, na kompresa inasukuma inavyotakiwa. Kilichokufa ni zeolaiti. Bila ukurasa huo ningelirudisha dokezo hata mimi.

Sista hakuficha pia kilichoiua: ilikaa stoo yenye unyevunyevu muda mrefu bila kuwashwa, na kichujio cha nje hakikuoshwa kila wiki. Ndiyo maana aliomba pamoja na mashine vichujio vya akiba, stabilaiza ya umeme, na kipima oksijeni kibaki wodini. Mitungi miwili alitaka ibaki, kwa ajili ya umeme kukatika.

Ombi la mwisho lilikuwa dogo: mashine ya zamani ifutwe kwenye daftari la mali na itolewe hospitalini. Ikirudi stoo, alieleza, usiku wodi ikifurika kuna mtu ataivuta, ataichomeka, na kimpira kitapanda hadi tano.