Barua Pepe ya Warsha, na Mstari Unaorukwa

Mameneja wa rasilimali watu jijini Nairobi wanaijua barua pepe hii: warsha ya siku kadhaa katika hoteli ya Mombasa au Naivasha, ada ya kila mshiriki, na chini kabisa maelezo kwamba kampuni ya mafunzo imesajiliwa na NITA. Macho hukimbilia tarehe na bei. Mstari wa chini hurukwa, ingawa ndio unaogusa pesa ambazo mwajiri amekwisha kuzitoa.

NITA ni Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mwajiri nchini Kenya hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, naye huzilipa mwenyewe bila kumkata mtu mshahara. Kiwanda chenye watu 80 basi hutoa shilingi 48,000 kwa mwaka. Aliyelipa tozo hiyo anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi mkufunzi awe amesajiliwa na ombi liidhinishwe kabla ya mafunzo kuanza. Hapo ndipo fedha hupotea: wafanyakazi hupelekwa kwanza, na fomu huanza kutafutwa wakisharudi na vyeti. Usajili wa mkufunzi haumpi mwajiri idhini. Lazima aiombe mwenyewe.

Tuseme kiwanda hicho kimealikwa kwenye warsha ya Excel ya siku tatu, kwa shilingi 40,000 kila mtu kabla ya VAT. Ikiongezwa asilimia 16, ada inafika 46,400. Kwa watu wawili ni 92,800, na bado nauli, malazi na posho. Wakiwa sita au saba wanaohitaji somo hilohilo, inafaa meneja aulize bei ya mkufunzi kuja kiwandani, kwa kuwa aghalabu hiyo hupangwa kwa siku badala ya kichwa.

Bei ikishaeleweka, linabaki swali gumu zaidi: warsha itabadilisha nini kazini? Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha njia ya kupima mafunzo kwa ngazi nne: walivyoyapokea washiriki, walichojifunza, wanachofanya tofauti kazini, na matokeo kwa shirika. Fomu inayojazwa saa ya mwisho ukumbini hupima ngazi ya kwanza tu. Chakula kizuri na mkufunzi mcheshi vinatosha kuijaza alama za juu.

Barua pepe nyingi huahidi “kuongeza ufanisi” na kuishia hapo. Meneja makini hujibu kwa kutaja kazi moja. Kwa mfano, karani wa stoo huchukua siku mbili kulinganisha hesabu ya bidhaa kila mwisho wa mwezi, na makosa hugunduliwa na mhasibu. Je, warsha itamfundisha hasa hilo, kwa faili zake mwenyewe? Mkufunzi anayeijua kazi yake ataomba kuona mfano wa faili hizo kabla ya kutuma ankara. Na miezi mitatu baadaye, meneja humwuliza mhasibu, wala si karani, kama ripoti inafika mapema na ikiwa safi.