Themanini si amri ya kuuza

Oktoba 12, 2020, Bitcoin moja ilikuwa ikiuzwa karibu dola 11,500. Kwenye chati ya siku, mstari wa stokastiki ulikuwa umeshavuka 80, alama ambayo vitabu vingi huiita "imenunuliwa kupita kiasi". Aliyeitii alama hiyo akauza, na pengine alikuwa na faida nzuri mkononi. Novemba 24 bei ikapita dola 19,000 bila yeye. Hasara ya namna hii haionekani kwenye akaunti, ndiyo maana watu huirudia mwaka hadi mwaka.

Kosa linaanzia kwenye kusahau kipimo hiki kinapima nini. Kilienezwa na George Lane, mchambuzi wa masoko wa Chicago, tangu miaka ya 1950. Kinachukua bei ya juu kabisa na ya chini kabisa katika siku 14 zilizopita, kisha kinauliza: bei ya kufunga ya leo imekaa wapi kati ya hizo mbili? Ikiwa sakafuni kabisa, jibu ni 0. Ikiwa darini, ni 100. Jibu hilo ndilo mstari wa %K, na wastani wake wa siku tatu ni %D. Hakuna mahali kinapouliza kama bei ni ghali.

Tazama Julai 2020. Kwa sehemu kubwa ya mwezi huo Bitcoin ilizunguka ndani ya chumba chembamba, na kwa namba za mviringo tuseme sakafu ilikuwa 9,050 na dari 9,450. Bei ikifunga 9,400 iko dola 350 juu ya sakafu, katika chumba chenye kimo cha dola 400. Gawanya, zidisha kwa 100, unapata 87.5. Hapo kuuza kuna mantiki, kwa sababu wauzaji walikuwa wakingoja pale juu na bei ilirudishwa kila ilipofika. Soko la namna hii linakwenda kando, na humo 80 na 20 hufanya kazi vizuri kwa sababu dari na sakafu hazihami.

Kisha dari ilipasuliwa, na Julai 27 bei ikafika takriban 11,000. Chukua sakafu ya 9,100, kilele cha 11,400 na bei ya kufunga 11,000: stokastiki inasoma kama 83. Namba inakaribiana kabisa na ile ya kwanza, lakini sasa ni habari ya soko lililotoka chumbani. Mtu anayepanda mlima, kila anaposimama, yuko juu kuliko hatua zake 14 zilizopita. Ukimpima kwa kipimo hiki atasoma karibu 100 kutwa nzima, na bado kilele kiko mbali. Ndivyo stokastiki inavyoweza kuganda juu ya 80 kwa wiki kadhaa, kwa kuwa dirisha la siku 14 linahama pamoja na bei.

Basi, kabla ya kuisoma namba, angalia chumba. Je, bei imefunga nje ya dari ya wiki zilizopita, au imechungulia tu saa chache ikarudi? Kripto huchungulia hivyo mara nyingi, hasa wikiendi ambapo wanunuzi ni wachache, kwa hiyo mimi husubiri mshumaa wa siku ufunge. Kisha tazama mabonde: katika mwelekeo halisi wa kupanda kila bonde la bei liko juu ya lililotangulia, na stokastiki ikishuka mara nyingi hugeukia kwenye 40 au 50 bila kufika 20.

Mwelekeo ukishathibitika, kutoka kwangu hakutegemei tena 80. Naweka agizo la kuuza chini kidogo ya bonde la karibuni, na bei ikipanda na kuacha bonde jipya, nalisogeza. Aliyefanya hivyo mwaka 2020, akiegemea bonde la Novemba 22, alitolewa Novemba 26 soko lilipoporomoka, karibu na dola 17,500. Alirudisha sehemu ya faida iliyoonekana kileleni, na hiyo ndiyo gharama ya njia hii. Pia soko likianguka kwa kasi agizo linaweza kuuzwa chini ya bei uliyoandika.

Mwisho wa siku hiyo %K ilikuwa kama 40 tu. Aliyengoja 20 ili arudi kununua hakuipata, kwa maana siku nne baadaye, Novemba 30, Bitcoin iliweka rekodi mpya ya bei.