Chai kavu yamtoa winga dakika ya 30

MECHI ya vijana ilianza saa 4 asubuhi, jua la Temeke likiwa limeshaanza kuchoma. Winga wa kulia, kijana wa miaka 16 anayeogopwa na mabeki wa mtaani kwa mbio zake, alipasua mara mbili tu. Dakika ya 30 akashika ubavu, akachuchumaa, akaomba kutoka. Timu ikalala 1-0, bao likipitia upande wake ule ule.

Jioni kocha hakutoa mipira. Aliwakalisha vijana chini ya mwembe, akamgeukia winga.

"Asubuhi ulikula nini?"

"Chai, mwalimu."

"Na nini?"

"Kavu."

Madogo wakacheka. Kocha hakucheka. Akauliza kuhusu maji na usingizi. Winga akakiri kwamba alikuwa kibanda umiza hadi saa 6 usiku, na alipoona kiu imembana akamaliza chupa nzima ya lita moja filimbi ikikaribia.

"Sikilizeni," akasema kocha. "Usiku umelala, lakini ini linaendelea kutoa sukari kulisha mwili. Asubuhi akiba hiyo imepungua. Ukiingia na chai kavu, unakimbia na tangi ambalo halijajazwa."

Akawapa ratiba. Mechi ikiwa saa 4, chakula kiwe saa 1: uji na viazi vitamu vya kuchemsha, au mkate na ndizi mbivu. Chapati na supu ya mafuta zisubiri baada ya mechi, kwa sababu mafuta hukaa sana tumboni.

"Maji nayo hayalipwi deni kwa mkupuo. Kunywa glasi mbili pamoja na chakula, kisha mafunda machache kabla ya kuingia. Ukijaza tumbo halafu ukakimbia, kichomi kinakungoja. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, bado una kiu. Ukiwa wa njano hafifu, uko sawa."

Kuhusu kulala, akasema umri wao unataka saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 12 asubuhi awe kitandani saa 3 usiku, tena si siku ya mwisho tu. Usingizi uliokosekana wiki nzima haufidiwi kwa usiku mmoja.

Hapo winga akainua mkono. "Mwalimu, kulala nitalala. Ila kwetu mama anatoka alfajiri kwenda kuuza, asubuhi huwa hakuna kitu."

Kicheko kikakatika. Kocha akanyamaza kidogo.

"Basi hilo ni kosa langu, sikuwahi kuuliza," akasema. "Siku ya mechi tukutane hapa saa 1. Sufuria ya uji ni yangu. Mwenye kiazi au ndizi aje nacho, asiye nacho aje na kikombe."

Mechi ijayo ni Jumamosi, saa 4 asubuhi. Winga yumo kikosini.