Mikao Minne ya Mbio katika Katuni

Mbio za mhusika wa katuni hujengwa juu ya mikao mikuu minne: mguso, chini, kupishana na juu. Mchoraji huichora kwa mguu mmoja, akairudia kwa mguu wa pili, kisha akajaza michoro ya katikati. Mfululizo huo ukirudiwa tena na tena, mhusika hukimbia kwa muda wowote unaotakiwa. Mwendo wa kutembea nao una mikao minne yenye majina hayohayo, yakifuatana kwa mpangilio uleule, na hapo ndipo wanafunzi wengi hunaswa: huchukua kutembea walikokwisha kujifunza, wakakuharakisha, wakatumaini kupata mbio. Wanachopata ni mtu aliyechelewa basi lakini anaona haya kukimbia.

Tofauti ya msingi iko kwenye ardhi. Anayetembea huwa na angalau mguu mmoja chini wakati wote, na kwa kitambo kifupi katika kila hatua huwa na yote miwili. Anayekimbia hana hata nukta moja ya miguu miwili chini, na katika kila hatua hukaa hewani kabisa. Sheria za riadha za mashindano ya kutembea kwa kasi zimeshika jambo hilohilo. Mshindani haruhusiwi kupoteza mgusano na ardhi kwa namna inayoonekana kwa macho, na goti la mguu wa mbele lazima liwe limenyooka tangu unapogusa chini hadi unaposimama wima chini ya mwili. Masharti hayo mawili yakigeuzwa, yanaeleza mbio karibu zote.

Katika mguso wa kutembea, miguu imetanuka, goti la mbele limenyooka, kisigino cha mbele kimetua na vidole vya nyuma bado viko chini. Katika mguso wa mbio ni mguu wa mbele pekee unaogusa ardhi, na goti lake tayari limekunjika kidogo. Mguu wa nyuma uko hewani, kigimbi kimeinuka nyuma ya paja. Mguu wa mbele hutua karibu na mwili, mbele kidogo tu ya nyonga. Ukichorwa umenyooka mbali mbele, mhusika huonekana akijifunga breki kila hatua.

Mkao wa chini hufuata, mwili unapopokea uzito. Anayetembea hushuka kidogo tu, goti likilegea. Anayekimbia anatua kutoka hewani, kwa hiyo goti hukunjika sana, wayo mzima huweza kulala chini, na nyonga hufika mahali pa chini kuliko pote. Mguu hapa unafanya kazi ya springi, unabanwa ili usukume. Mkao huu ukichorwa kwa woga, mhusika hupoteza uzito na huonekana akielea.

Kupishana ndiko kunakotofautisha myendo hii miwili zaidi, ingawa ndiko kunakochorwa kwa uangalifu mdogo. Anayetembea husimama juu ya mguu ulionyooka huku wa pili ukipita kando yake kwa kukunjika kidogo, na wakati huo nyonga iko juu, kwa sababu mwili umepanda juu ya mguu kama juu ya nguzo. Anayekimbia yuko kinyume: mguu wa chini bado umekunjika na nyonga ndiyo kwanza inaanza kupanda. Mguu unaopita umekunjwa sana, kisigino kikikaribia makalio, maana mguu mfupi huzungushwa mbele kwa haraka kuliko mrefu. Anayechora kupishana kwa mbio kukiwa na nyonga juu amechora kutembea, hata akiongeza kasi kiasi gani.

Mkao wa juu katika kutembea ni msukumo wa vidole tu. Wachoraji wengi huweka kilele cha mwili hapo, baada kidogo ya kupishana, ingawa katika mwili halisi kilele kiko karibu na kupishana kwenyewe. Katika mbio, mkao wa juu ndio ule wa hewani: mguu uliosukuma umeachana na ardhi na kubaki nyuma, goti la pili limepanda mbele, na mwili mzima uko kileleni. Mikono hupishana na miguu kama katika kutembea, lakini viwiko vimekunjwa karibu pembe mraba. Kiwiliwili huinama mbele, zaidi kadiri mhusika anavyoongeza kasi.

Kuhusu muda, filamu hupita kwa fremu 24 kwa sekunde. Kutembea kwa kawaida huchukua fremu 12 kwa hatua, yaani hatua 120 kwa dakika, ambayo ni kasi ya gwaride. Mbio za fremu 8 kwa hatua hutoa hatua 180 kwa dakika, zinazolingana na mkimbiaji wa masafa marefu. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alitumia hatua 41, sawa na fremu kati ya 5 na 6 kwa hatua. Kwa kuwa fremu ni chache hivyo, kila moja huhitaji mchoro wake. Desturi ya kushikilia mchoro mmoja kwa fremu 2, inayokubalika katika kutembea, hufanya mbio zikatike.

Chukua mbio za fremu 8 kwa hatua, mhusika akikimbilia mahali pamoja huku mandhari yakisogea nyuma yake. Mguso uwe fremu ya 1, chini ya 3, kupishana ya 4. Vidole viguse ardhi kwa mara ya mwisho fremu ya 6, mkao wa juu uwe ya 7, na mguu wa pili utue ya 9. Mandhari yakisogea pikseli 40 kila fremu, mguu ulio chini nao lazima urudi nyuma pikseli 40 kila fremu, la sivyo utaonekana ukiteleza. Kuanzia fremu ya 1 hadi ya 6 unarudi pikseli 200. Hatua nzima, hata hivyo, ni pikseli 320. Zile 120 zilizobaki zinapatikana hewani, na hakuna haja ya kutanua miguu ili kuzifikia. Katika kutembea hakuna akiba hiyo, kwa sababu mguu hukaa chini kwa muda unaozidi hatua moja, na urefu wote wa hatua hutoka kwenye mtanuko wa miguu.

Mzunguko mzima una fremu 16. Fremu ya 17 ni ileile ya 1, kwa hiyo haichezwi. Ikiachwa ndani, mhusika hukwama kidogo kila mzunguko, kosa dogo ambalo jicho hulinasa haraka. Tatizo jingine ni kwamba michoro ya hatua ya kushoto na ya kulia ikifanana mno, mtazamaji huona mguu mmoja ukitetemeka. Wachoraji hupaka mkono na mguu wa upande wa mbali rangi iliyokoza, au hutofautisha kidogo kimo cha goti kati ya hatua mbili.

Kasoro zilizobaki hugunduliwa kwa kufunika miguu na kutazama mshipi wa mhusika peke yake. Katika mbio zilizochorwa vizuri mshipi hushuka mara tu baada ya mguso, hupanda kwa msukumo, na hukaa juu kitambo kabla ya kuanguka tena. Ukiwa tayari juu wakati wa kupishana, mikao ya kutembea imeingia. Usiposogea karibu kabisa, mkao wa chini na wa juu haijatofautishwa vya kutosha, na kuongeza fremu za kati hakutasaidia mpaka mikao hiyo miwili ichorwe upya.