Kabla ya Kuchora Ramani ya Unyanyapaa: Itifaki ya Mapitio ya Upeo

Mapitio ya upeo hukusanya tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo fulani ili kuonyesha zimegusa nini, kwa mbinu gani, na wapi hazijafika. Mapitio ya kimfumo huuliza swali jembamba zaidi, kwa kawaida kama tiba au mpango fulani unafanya kazi, kisha hupima ubora wa kila utafiti na kutoa jibu la jumla. Aina zote mbili huanza na itifaki, yaani andiko linaloeleza kazi itakavyofanywa kabla haijaanza. Katika itifaki ya mapitio ya upeo, aya inayowatoa jasho waandishi wengi ni ile inayoeleza kwa nini njia hiyo imechaguliwa.

Chukua mfano wa timu inayotaka kuchunguza unyanyapaa wanaofanyiwa wagonjwa wa akili na watoa huduma katika hospitali na zahanati za Kenya, Tanzania na Uganda. Mwongozo wa taasisi ya JBI ya Australia unataka swali lijengwe juu ya nguzo tatu: watu, dhana na muktadha. Watu ni wauguzi, madaktari na wahudumu wengine. Muktadha ni vituo vya afya vya nchi hizo tatu. Dhana ndiyo ngumu. Mtafiti mmoja huita unyanyapaa mtazamo alionao muuguzi moyoni, mwingine huhesabu vitendo kama kumfokea mgonjwa au kumweka mwisho wa foleni, na wa tatu huangalia aibu ambayo mgonjwa mwenyewe ameimeza. Itifaki isiposema ni ipi kati ya hizo inaingia, wachambuzi wawili watasoma makala moja, huyu aipokee na yule aikatae.

Ugumu huohuo ndio hoja ya kuchagua mapitio ya upeo. Pale ambapo utafiti mmoja umetumia dodoso la mitazamo, mwingine mahojiano na mwingine ushuhuda wa wagonjwa, matokeo hayawezi kujumlishwa yakatoa namba moja yenye maana. Zachary Munn na wenzake walieleza mwaka 2018 kwamba njia hii inafaa pale lengo linapokuwa kutambua aina za ushahidi uliopo, kufafanua dhana, kuona jinsi utafiti unavyofanywa au kubaini mapengo. Timu yetu inauliza unyanyapaa umefafanuliwaje, umepimwa kwa vipimo gani na katika vituo vya aina gani, kwa hiyo njia inalingana na swali. Lau ingeuliza kama mafunzo ya wauguzi hupunguza unyanyapaa, mapitio ya kimfumo ndiyo yangestahili. Kuandika kwamba muda ni mfupi si hoja. Mapitio ya upeo yakifanywa sawasawa hula miezi mingi, na mhakiki makini huliona hilo mara moja.

Uchaguzi huu una gharama, nayo inafaa iandikwe waziwazi. Kwa kuwa ubora wa tafiti kwa kawaida haupimwi, timu haitaweza kuwaambia wasimamizi wa hospitali kwamba mpango fulani unafaa kuigwa. Itaweza tu kusema mipango ipi imejaribiwa na wapi.

Baada ya hapo huja mkakati wa kutafuta, unaoandikwa kama utakavyochapwa. Kwa PubMed, rasimu yaweza kuwa hivi:

```
(stigma*[tiab] OR discriminat*[tiab])
AND (mental*[tiab] OR psychiatr*[tiab])
AND (Kenya OR Tanzania OR Uganda)
```

Rasimu hii huleta pia makala za unyanyapaa wa VVU zinazotaja afya ya akili kwa kupita tu, na neno la pili huvuta tafiti za vipimo vinavyotenganisha wagonjwa na wazima. Makala za aina hiyo zikijaa katika ukurasa wa kwanza wa majibu, mkakati unahitaji kunolewa. Tasnifu zilizobaki kwenye hifadhi za vyuo vikuu hutafutwa kando, na hapo maneno ya Kiswahili kama “unyanyapaa” na “ugonjwa wa akili” nayo huingizwa.

Itifaki hueleza pia mchujo. JBI hupendekeza jaribio la vichwa na muhtasari wa makala 25, na kazi kamili isianze hadi wachambuzi wakubaliane kwa angalau asilimia 75. Wakishindwa kufika hapo, mara nyingi tatizo liko katika dhana, na vigezo huandikwa upya. Jedwali la kunukuu data nalo huambatishwa, likiwa na safu za nchi, aina ya kituo, maana iliyotumika na kipimo. Likibadilika baadaye, badiliko na sababu yake huripotiwa.

Sajili ya PROSPERO haipokei mapitio ya upeo, hivyo itifaki huwekwa mahali kama Open Science Framework, ikiwa na tarehe, kabla ya mchujo kuanza. Ripoti ya mwisho hufuata orodha ya PRISMA-ScR ya mwaka 2018, inayotaka msomaji aambiwe kama itifaki ipo na inapatikana wapi.